Mishororo miwili inayogeuza soneti

Je, wajua ni kwa nini soneti ya mapenzi huweza kuanza kwa kumuaga mpenzi, kisha ikaishia kumbembeleza arudi?

Sababu kubwa ni umbo lake. Soneti ni shairi la mishororo 14 tu, nalo haligawanywi katikati. Ilizuka Sisilia katika karne ya 13, kwenye baraza la mfalme Federiko wa Pili, na anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wake ni Giacomo da Lentini. Waitalia waliigawa mishororo 8 kwa 6. Ile minane hueleza hali ilivyo, na kwenye mshororo wa tisa mshairi hugeuka: huanza kubisha, kujijibu au kukata tamaa.

Ilipoingia Uingereza katika karne ya 16, washairi wakapendelea mgao mwingine: mafungu matatu ya mishororo minne minne, halafu miwili ya kufunga. Katika mafungu yale vina hupishana, kwa hiyo sikio husubiri mshororo mzima katikati ndipo kina kijibiwe. Miwili ya mwisho hujibizana papo hapo. Baada ya kusubirishwa mara nyingi hivyo, lolote litakalosemwa pale lina uzito wa neno la mwisho. Sisi tuliozoea kibwagizo hutarajia mwisho wa ubeti uturudishie lile tulilokwisha kulisikia. Hapa mwisho huleta jambo jipya, na nafasi ya kulisema ni moja tu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Mwingereza Michael Drayton, uliochapishwa mwaka 1619. Mshairi anafungua kwa kusema, kwa maana yake, kwamba kwa vile hakuna la kufanya, waje wabusiane waachane. Amemaliza, hana zaidi la kumpa. Anafurahi, tena anafurahi kwa moyo wote, kwamba amejinasua. Wapeane mkono, wafute viapo vyote, na wakikutana siku nyingine, asionekane hata mmoja wao usoni kwamba amebakiza chembe ya mapenzi.

Mshororo wa nane unaishia hapo, na aliyesoma harakaharaka atadhani ni mtu aliyeamua. Lakini ile furaha ameitaja mara mbili katika mshororo mmoja, na hakuna aliyemuuliza. Mtu aliyekwisha kuachana na jambo hana haja ya kuapa kwamba ameachana nalo. Drayton ameanza kuuandaa mgeuko mapema, wakati bado anajifanya mgumu.

Kwenye mshororo wa tisa sauti inabadilika. “Mimi” na “wewe” wanatoweka, na mbele yetu yuko Penzi, mgonjwa mahututi anayekata roho. Mapigo yake yanafifia, Shauku amelala bila la kusema, Imani amepiga magoti kando ya kitanda, na Unyofu anamfumba macho. Mishororo hii minne ni sentensi isiyokamilika: sasa, wakati huu, wakati yule anafanya hivi na huyu vile. Tendo kuu halijatajwa, na msomaji hana pa kutua.

Linakuja kwenye mishororo miwili ya mwisho. Anamgeukia mpenzi na kumwambia: sasa, ukitaka, ingawa wote wamekwisha kumkatia tamaa, wewe unaweza bado kumtoa mautini ukamrudisha kwenye uhai. Yule aliyesema hana zaidi la kumpa, sasa ndiye anayeomba. Hata mizani inakubaliana naye. Mishororo iliyotangulia ina silabi kumi na hutua kwa mkazo, lakini hii miwili ina kumi na moja, na ile ya ziada ni nyepesi. Ukaidi wa mwanzo umelegea mpaka kwenye sauti.

Tazama pia kwamba hakusema “nakupenda bado.” Angelisema hivyo baada ya majigambo yale, angeonekana kigeugeu. Ameweka sharti, “ukitaka,” na uamuzi ameukabidhi kwa mpenzi. Jibu la mpenzi hatulisikii, kwa kuwa mishororo imekwisha.

Si kila soneti hufanikiwa hivi. Kosa moja ni mishororo miwili inayorudia kwa ufupi yaliyokwisha kusemwa. Lingine ni mgeuko unaoanguka ghafla bila dalili yoyote nyuma yake, hata msomaji akahisi ameghilibiwa. Ukitaka kuipima soneti, funika miwili ya mwisho kwa kiganja usome kumi na mbili zilizobaki. Kama haipungui kitu, mgeuko haukuwa na kazi. Kisha fungua, uzisome zote upya kutoka juu. Mgeuko ulioandaliwa vizuri hubadili maana ya maneno ya mwanzo: ukiisoma soneti ya Drayton mara ya pili, ile “nafurahi” ya mshororo wa tatu huwezi tena kuisikia kama furaha.