Bei ya kazi nzima: kuacha kutoza kwa saa bila kula hasara

Bei ya kazi nzima ni kiasi kimoja unachomtajia mteja kabla ya kuanza, na hakibadiliki hata kazi ikikuchukua muda mrefu kuliko ulivyodhani. Ukitoza kwa saa, kazi ikirefuka anayeumia ni mteja. Hapa unaumia wewe. Kwa hiyo bei hii haisimami bila mawanda ya kazi, yaani maandishi yanayoeleza kilichomo ndani ya bei na kisichokuwemo.

Tuchukue mtengeneza tovuti wa Dar es Salaam anayetoza shilingi 20,000 kwa saa, na mteja mwenye nyumba ya wageni. Kumbukumbu zake zinaonyesha kazi tatu za aina hiyo zilikula saa 34, 38 na 51. Wastani ni 41, lakini kuuchukua kama ulivyo ni hatari: ile ya saa 51 ilirefuka kwa sababu picha zilicheleweshwa, na wateja wa hivyo hawaishi. Anapanga saa 45, simu na vikao vikiwemo (wengi husahau kuvihesabu), na bei inakuwa 900,000. Akimaliza kwa saa 38, kila saa imemlipa karibu 23,700.

Wiki ya tatu mteja anasema, "Si utuwekee na sehemu ya kulipia kwa M-Pesa?" Hiyo ni kazi ya saa 14. Akiikubali bure juu ya zile saa 45 alizopanga, jumla inakuwa saa 59 na kila saa inashuka hadi 15,250 hivi. Faida imeliwa bila ugomvi wowote.

Kinachomlinda ni maneno kama haya, yakiwa yamesainiwa kabla:

"Kurasa 5. Maandishi na picha vyote vitaletwa na mteja kabla ya tarehe 10. Vikichelewa, tarehe ya kukabidhi nayo itasogea. Masahihisho ni awamu 2, maoni yakiletwa kwa pamoja. Havimo: kupiga picha, tafsiri, malipo ya mtandaoni, ada ya jina la tovuti."

Mstari wa mwisho ndio unaookoa pesa nyingi zaidi, na ndio watu huona haya kuuandika. "Tovuti nzuri ya kisasa" si mawanda. Kila mtu ana uzuri wake. Ombi la M-Pesa sasa linajibiwa kwa maandishi: nyongeza ni 280,000, siku 4, tutaanza ukithibitisha.

Saa ziendelee kurekodiwa hata kama mteja hazioni. Zikifika 23, yaani nusu ya zile 45, na kurasa mbili tu kati ya 5 ndizo zimekamilika, kazi inavuja. Angalia kwanza kama kuna nyongeza iliyopita kimyakimya.

Kwa kazi usiyoweza kuiona mwisho wake, mathalani kurekebisha mfumo wa zamani ulioandikwa na mtu mwingine, usitaje bei nzima mara moja. Toza uchunguzi wa saa 6 kwanza, kisha uandike mawanda kutokana na ulichokikuta.