Mstatili mtupu, mtupu wa nini?

Mara ya tatu mwezi huu nasikia mtu akitumia jina la mbinu ya sudoku, mstatili mtupu, kwa kitu ambacho sicho. Safari hii ni shemeji yangu. Alikuwa na sudoku gotini, akachora mistari minne ya kuunganisha seli nne zilizo mbalimbali, akanionyesha katikati: "Si unaona, mstatili wenyewe huu, na ndani hamna 7 hata moja." Ile 7 ya penseli aliyoifuta ilistahili kufutwa, kwa hiyo nikanyamaza.

Maana yenyewe ni fupi. Chukua tarakimu moja, tuseme 7. Ukikuta ndani ya kisanduku kimoja cha seli tisa nafasi zote zilizobaki za 7 zimekaa kwenye mlalo mmoja na wima mmoja tu, kama msalaba, basi seli nne zilizo nje ya msalaba huo ndizo mstatili mtupu. Umbo lote liko ndani ya kisanduku, halitoki hata seli moja.

Neno mstatili limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya urefu. Ni umbo lililorefuka. Mraba nao una mzizi wa nne, uleule wa robo na arobaini. Nayataja haya kwa sababu wapo wanaouliza: mbona seli nne za mbili kwa mbili ni mraba? Ni mraba kweli, msalaba ukikutana kwenye seli ya pembeni kabisa ya kisanduku. Ukikutana katikati ya ubavu, zile seli nne zinagawanyika mbili huku, mbili kule, na umbo linarefuka. Ukikutana katikati ya kisanduku, seli zinatawanyika kwenye pembe zote nne, na hapo ndipo watu wengi wanapolipita bila kuliona.

Neno linalochanganya zaidi ni "mtupu". Mtu anatafuta seli ambazo hazijaandikwa kitu. La. Seli hizo zinaweza kuwa tayari na 2, 9, 4 na 1 kwa wino, na mstatili ukabaki mtupu, maana utupu wake ni wa 7 peke yake.

Sudoku ya shemeji ilikuwa hivi (M ni mlalo kutoka juu, W ni wima kutoka kushoto). Kwenye kisanduku cha katikati, 7 za penseli, yaani nafasi zake zilizobaki, zilikuwa M5W4, M5W6, M4W5 na M6W5. Msalaba ni mlalo wa 5 na wima wa 5, pembe nne hazina 7. Kisha wima wa 8 ulikuwa na nafasi mbili tu za 7: M5W8 na M2W8. Seli ya kuchunguzwa ni M2W5, mlalo wa 2 unapokata wima wa 5.

Jaribu kuiweka 7 pale M2W5. Wima wa 5 umeshapata 7 yake, kwa hiyo M4W5 na M6W5 zinaanguka. Kisanduku kinabaki na M5W4 au M5W6. Yoyote itakayochukua, mlalo wa 5 umejaa na M5W8 haiwezi kuwa 7. Wima wa 8 unabaki na M2W8 tu. Sasa mlalo wa 2 una 7 mbili, na hilo haliwezekani. Futa 7 ya M2W5. Hujapata mahali pa kuandika 7, umepata mahali ambapo haipo, basi.

Seli ya makutano, M5W5, ingekuwa na 7 isingeharibu kitu, kwa kuwa 7 ya M2W5 ingeiangusha pamoja na wenzake. Lakini wima wa 8 ungekuwa na nafasi ya tatu, hesabu yote ingekatika.

Sasa shemeji, lile umbo kubwa ulilochora lina pembe M5W5, M5W8, M2W8 na M2W5. Hiyo ni njia ambayo hoja inapita, na ndani yake, nje ya kisanduku, 7 za penseli zinaweza kujaa, mfano M3W7, bila kuzuia chochote. Ukizikwepa utakuwa unaacha nafasi nzuri. Na siku ukilikuta tupu huku kisanduku kina 7 pale M4W4, usifute. Hiyo 7 moja ya pembeni inatosha kukipa kisanduku pa kutokea, na M2W5 ikawa ndiyo yenyewe. Anza kutazama kisandukuni, mistari utachora baadaye.