Salamu ya Idd haitangulii mwezi

Jumapili ya tarehe 30 Machi 2025, saa 1 asubuhi, taasisi moja niliyokuwa nikiisaidia katika mawasiliano iliwatumia wanachama wake wote ujumbe wa simu: "Leo ni Idd! Tunawatakia sikukuu njema." Kabla ya saa 3 simu ya dawati la wanachama ilikuwa imeshaita mara kadhaa. Ninayemkumbuka zaidi ni bibi mmoja aliyezungumza kwa upole kabisa. "Mwanangu, mie leo nimefunga. Nimekula daku, nimeswali alfajiri, nikajilaza kidogo, ndiyo simu yenu ikaniamsha. Hii Idd mliyonipa ni ya wapi?"

Bibi alikuwa na haki ya kuuliza. Saudi Arabia walikuwa wanasherehekea Idd siku hiyo hiyo ya Jumapili, na wako Waislamu wa hapa kwetu wanaoufuata mwandamo wa huko. Lakini walio wengi walianza Ramadhani Jumapili ya tarehe 2 Machi, kwa hiyo tarehe 30 kwao ilikuwa ni mfungo wa 29. Mwezi walikuwa wautafute jioni ile, na Idd yao ikawa Jumatatu tarehe 31. Mwandishi wa ule ujumbe alikuwa ameona mtandaoni kuwa mwezi umeandama Saudia, akaipanga mashine itume asubuhi, akaenda kulala.

Kazi yangu ni kuandika salamu za taasisi, na katika salamu zote za mwaka hii ya Idd el-Fitri ndiyo inayotutia matatani kuliko nyingine. Sababu yake iko wazi. Mwezi wa Kiislamu una siku 29 au 30, na jioni ya siku ya 29 ndipo unapotafutwa mwezi mpya. Ukionekana, kesho ni Mfunguo Mosi, yaani Idd. Usipoonekana, watu wanafunga siku ya 30. Wataalamu wa nyota wanaweza kukueleza mapema mwezi utakuwa wapi angani, lakini kuthibitisha kuwa umeonekana ni kazi ya viongozi wa dini. Tanzania Bara anatangaza Mufti kupitia BAKWATA, Zanzibar ipo Ofisi ya Mufti, na Kenya ni Kadhi Mkuu. Ndiyo maana hata kalenda ya serikali huandika siku ya Idd kwa kuongeza kwamba itategemea kuandama kwa mwezi. Kalenda ya ukutani peke yake haitoshi kupangia salamu.

Idd el-Hajj ni nyepesi zaidi, na wengi hawalijui hilo. Hiyo huwa siku ya 10 ya Mfunguo Tatu. Mwezi wake ukishaandama, unazo siku tisa nzima za kujiandaa huku tarehe ukiijua kwa yakini. Hapo ninaipanga mashine itume bila wasiwasi, mradi nimeangalia wanachama wetu wengi wanafuata mwandamo upi, kwa kuwa katika Idd hii pia wako wanaosherehekea pamoja na walioko Makka na wako wanaohesabu kwa mwezi wa hapa.

Kwa Idd el-Fitri, tangu siku ile tunafanya hivi. Ujumbe unaandikwa na kupitishwa na wakuu mapema, siku ya 25 ya Ramadhani au karibu na hapo, kisha unakaa kama rasimu. Haupewi saa ya kutumwa. Jioni ya siku ya 29 mtu mmoja, na si mashine, anasubiri tangazo. Kama mwezi umeandama, anatuma kati ya saa 2 na saa 3 usiku, watu wakishaswali isha. Siku katika Uislamu huanza jua linapozama, kwa hiyo usiku huo tayari ni usiku wa Idd na takbiri zimeshaanza kusikika misikitini. Tangazo likichelewa hadi usiku mwingi, haamshi watu. Anangoja asubuhi, saa 4 hivi, watu wanapokuwa wametoka kuswali Idd na simu zimerudi mikononi.

Wakuu wa ofisi huogopa kwamba salamu za wenzao zitatangulia. Huwa nawaambia hivi: kwa Waswahili wa pwani Idd haiishi siku moja. Zanzibar watu huhesabu sikukuu mosi, pili, tatu hadi ya nne, na watoto wanazunguka wakiomba mkono wa Idd siku zote hizo. Salamu ya sikukuu pili inapokewa vizuri kabisa. Iliyotangulia mwezi ndiyo inayompa mtu aliyefunga kazi ya kukusahihisha.

Sasa maneno yenyewe. Ujumbe wa ile Jumapili ulikuwa na kosa la pili ambalo lingeonekana hata kama tarehe ingekuwa sahihi, nalo ni neno "leo". Ukiandika salamu inayokwenda kwa watu wengi wenye miandamo tofauti, usiitaje siku. Tuliubadilisha ukawa hivi:

"Idd Mubarak. Mwenyezi Mungu azikubali funga na ibada zenu, na atufikishe mwakani."

Ujumbe huo unamfaa aliyeswali Idd jana na atakayeswali kesho. Tazama pia neno "zenu". Rasimu ya kwanza ilisema "funga zetu", na mkurugenzi akauliza zetu na nani, maana taasisi haifungi na nusu ya wafanyakazi wake si Waislamu. Mwislamu akimwandikia Mwislamu mwenzake, "zetu" ndiyo inayopendeza, na anaweza kuongeza "takabala llahu minna waminkum", Mungu atukubalie sisi na nyinyi. Asiye Mwislamu hana haja ya kuazima dua hiyo. "Idd Mubarak" au "Heri ya Sikukuu ya Idd" inamtosha, na anayeipokea anajua imetoka moyoni.

Jambo dogo la kiufundi, kwa kuwa linagharimu pesa. Ujumbe mfupi mmoja hubeba herufi 160. Ukiweka picha ya mwezi na nyota, au maandishi ya Kiarabu, nafasi inashuka hadi 70 na ujumbe mmoja unakatwa kuwa miwili au mitatu, nawe unalipia yote. Hata ritifaa iliyopinda inayojiweka yenyewe unapoandika "kung’ara" kwenye kompyuta inafanya hivyo hivyo. Andika ritifaa iliyonyooka.

Upande wa Wakristo, tarehe hazitusumbui, kwa kuwa Pasaka inajulikana miaka mingi kabla. Kinachosumbua ni hali ya siku yenyewe. Kila mwaka naona mabango yameandikwa "Heri ya Ijumaa Kuu na Pasaka", kana kwamba siku hizo mbili ni sikukuu moja ndefu. Ijumaa Kuu Wakatoliki wanafunga, Misa haiadhimishwi, altare iko tupu na kengele ziko kimya, na waumini wanasogea mmoja mmoja kuubusu msalaba. Walutheri na Waanglikana nao wako ibadani wakisikiliza masomo ya mateso. Kumwambia mtu anayetoka katika ibada hiyo "heri" ni kama kupeleka pongezi kwenye matanga.

Kama taasisi inataka kusema neno, iseme Alhamisi: "Tunawatakia tafakari njema ya mateso na kifo cha Bwana wetu Yesu Kristo," au kwa taasisi isiyo ya dini, "Tunawatakia Wakristo wote maadhimisho mema ya Juma Kuu." Tangazo la kufungwa kwa ofisi Ijumaa na Jumatatu liende peke yake. "Heri ya Pasaka" inangoja asubuhi ya Jumapili. Walio kanisani usiku wa Jumamosi, kwenye mkesha, watakuwa wameshaanza kuambiana "Kristo amefufuka" na kujibiwa "Amefufuka kweli kweli", lakini huo ni wakati wao wa ibada. Hapa pia hakuna haja ya haraka. Kanisa husherehekea Pasaka kwa siku 50, hadi Pentekoste, na salamu ya Jumanne bado iko ndani ya sikukuu.

Wako pia wasiotaka kabisa salamu hizi, na ni vizuri kuwajua. Mashahidi wa Yehova hawasherehekei Krismasi wala Pasaka. Wasabato wengi hawazihesabu kuwa sikukuu za ibada, ila ukimwambia Msabato "Sabato njema" Ijumaa jua linapozama, umemgusa. Kwa Waislamu, Maulidi ya Mfunguo Sita ni furaha kubwa Lamu na Zanzibar, lakini wako wasioyasoma. Na mwezi wa Muharram unahitaji uangalifu zaidi. "Heri ya mwaka mpya wa Kiislamu" inaonekana haina ubaya, ila kwa Mashia, wakiwemo jamaa zetu Waithnaasheri wa Dar es Salaam na Zanzibar, siku hiyo inafungua maombolezo ya Imamu Husein yanayofika kilele siku ya Ashura, tarehe 10. Kwa siku hizo tunaandika pole au tunanyamaza. Hatuandiki heri.

Linalofuata ni swali ninaloulizwa kila mara: je, tuwatenge wanachama kwa dini ili kila mmoja apate salamu yake? Hapana. Majina hayatuambii. Katika nyumba moja ya Tanga utamkuta Salma anayekwenda kanisani na mjomba wake anayeadhini. Sensa ya Tanzania haijauliza dini tangu ile ya 1967, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaiweka imani ya mtu kati ya taarifa nyeti, kwa hiyo orodha ya dini za wateja ni mzigo usiotaka kuubeba. Sisi tunawatumia wote ujumbe mmoja, tukitaja wenye sikukuu kwanza kisha wengine: "Tunawatakia Waislamu wote Idd Mubarak, na kila mmoja wenu mapumziko mema." Mtu anayejulikana kwetu kwa jina na imani, kama mwenyekiti wa tawi au mzee wa mtaa, anaandikiwa au kupigiwa simu peke yake.

Kwa Wahindu wenye asili ya Gujarati, walio wengi Dar na Mombasa, hiyo simu ya mmoja mmoja ina faida yake. Diwali unasema "Heri ya Diwali". Mwaka wao mpya huingia Diwali ikishapita, aghalabu kesho yake, na siku hiyo wanaambiana "Sal Mubarak". Mwenye duka akisikia maneno hayo kutoka kwako siku yenyewe, atajua uliuliza kwanza.

Yule bibi tulimpigia Jumatatu saa 4 asubuhi, tukamwomba radhi na kumpa Idd Mubarak. Alikuwa ametoka uwanjani kuswali, kelele za wajukuu zikisikika nyuma. "Ahsante mwanangu," alisema, "sasa nimeipata."