Mzazi Kuja Darasani Kueleza Kazi Yake: Dhana Potofu na Ukweli

Barua ya kumwalika mzazi aje kuwaeleza watoto kazi yake huwa nusu ukurasa tu, lakini ndiyo inayoamua nani atakuja, atabeba nini na atasema nini. Mimi ni mwalimu wa madarasa ya chini, na hapa ninawafikiria watoto wa Darasa la Pili, wa miaka 7 au 8, katika shule ya msingi ya kawaida ya Tanzania: watoto 60 au zaidi chumbani, kipindi cha dakika 30, na mgeni ambaye hajasimama mbele ya darasa tangu alipomaliza shule mwenyewe.

Dhana: Wanaoalikwa ni wenye kazi kubwa, yaani daktari, mwanasheria, rubani.

Dhana hii mara nyingi inazaliwa na barua yenyewe. Ukiandika "tunawakaribisha wataalamu mbalimbali", mama lishe ataikunja na kuiweka kando, na dereva wa bodaboda atadhani ametumiwa kwa makosa. Ukweli ni kwamba mtoto wa miaka 7 anaelewa kwanza kazi anayoweza kuiona ikifanyika kwa mikono. Fundi cherehani akiwapa futi ya kitambaa wapimane urefu wa mkono kutoka begani hadi kiganjani, wanapata hesabu ya sentimita na wanaelewa kwa nini sare ya mmoja haimtoshi mwenzake. Muuza bucha akija na mizani na mawe, wanajifunza robo, nusu na kilo kwa kupima mchanga uliofungwa kwenye mifuko. Nyama na kisu vibaki dukani.

Hii ndiyo barua ninayoipendekeza:

> Ndugu Mzazi/Mlezi wa ……………,
>
> Watoto wa Darasa la Pili wanajifunza kazi zinazofanywa na watu wa mtaani kwetu. Tunakuomba uje Jumatano, saa 4:30 hadi saa 5:00 asubuhi, uwaonyeshe kazi yako. Kazi yoyote halali inatufaa: ya kuajiriwa, ya kujiajiri, ya shambani au ya nyumbani. Kama wewe huna nafasi, babu, bibi, shangazi, mjomba au ndugu mwingine unayemteua anakaribishwa.
>
> Utazungumza kwa dakika 5. Kisha watoto watajaribu jambo moja unalolifanya kazini, kwa dakika 10. Baada ya hapo watauliza maswali. Mwalimu atakuwepo muda wote.
>
> Njoo na vifaa viwili au vitatu vilivyo salama. Tafadhali usije na dawa, sindano, visu, kemikali, silaha wala kitu cha moto. Pipi na zawadi hazihitajiki.
>
> Jaza hapa chini na umpe mtoto arudishe:
> Nitakuja / Siwezi kwa sasa / Ningependa kuongea na mwalimu kwanza.
> Kazi yangu ni: ……………
> Jambo watoto watakalojaribu: ……………
>
> Wako katika ujenzi wa taifa,
> Mwalimu wa Darasa

Mstari wa mwisho wa kujaza ndio wenye kazi nzito. Mzazi akiuacha wazi, ujue amepanga kuhutubia. Mpigie au ongea naye anapomleta mtoto asubuhi, mtafute jambo hilo pamoja. Na chaguo la "kuongea na mwalimu kwanza" linawaokoa wale ambao wangekaa kimya kwa aibu. Barua yenyewe ipite kwa mwalimu mkuu kabla haijatoka, na mgeni asaini kitabu cha wageni akifika.

Dhana: Kipindi ni dakika 30, basi mgeni azungumze dakika 30.

Toa dakika za kusimama, kuitikia salamu na kukaa. Toa za kugawa vifaa. Zinazobaki ni kama 25, na mtoto wa umri huu hawezi kumsikiliza mtu mzima kwa muda wote huo bila kufanya chochote. Utaona dalili mapema: miguu inaanza kuchezacheza chini ya dawati, wa nyuma wanageukiana, na mgeni anapandisha sauti. Akipandisha sauti, hotuba imeshapita kiasi. Hapo mwalimu aingie kati kwa heshima, aseme, "Mama, watoto wana hamu ya kujaribu, tuwaonyeshe?" Mgeni atashukuru, maana naye ameshaona.

Dhana: Kuongea kwa kiwango cha mtoto ni kumficha yanayotisha.

Hapa ndipo wazazi wengi wema wanapokosea, na tuchukue mfano wa kazi ambayo watoto wote wanaijua na wengi wanaiogopa: muuguzi wa zahanati.

Mama muuguzi amejaza fomu. Chini ya "jambo watakalojaribu" ameandika: kusikiliza moyo kwa stethoskopu. Wazo ni zuri, ila hesabu inakataa. Stethoskopu ni moja. Watoto 60, kila mmoja sekunde 20 pamoja na kuivaa na kuipokeza, ni dakika 20 nzima, na 59 wanasubiri wakisukumana. Suluhisho lipo tangu 1816, pale daktari Mfaransa René Laennec alipokunja karatasi kuwa bomba ili asikilize kifua cha mgonjwa, na kutoka hapo stethoskopu ikaanza. Basi kila watoto wawili wapewe karatasi moja ya daftari waikunje bomba. Wakae jozi za jinsia moja, mmoja aweke bomba upande wa kushoto wa kifua cha mwenzake, juu ya shati, atege sikio. Wabadilishane. Kisha wote wasimame waruke mara 20 na wasikilize tena. Watasema wenyewe kwamba sasa unakwenda mbio, na mama muuguzi atawaambia mwili ukifanya kazi unataka damu zaidi, ndiyo maana moyo unaongeza kasi. Darasa litanyamaza bila kuambiwa, kwa sababu ukiongea husikii kitu.

Vifaa vyake: stethoskopu, bandeji na glavu mpya. Vidonge visije kabisa, hata pakiti tupu. Vingi vina rangi kama pipi, na kile mtoto alichokiona darasani kikichezewa atakishika atakapokikuta kabatini nyumbani. Sindano nayo isije, hata isiyo na ncha, lakini izungumzwe, maana wataiuliza tu.

"Sindano inauma?" Jibu la kweli ni: "Ndiyo, inauma kidogo, kisha maumivu yanapungua. Unaweza kumshika mama mkono." Akisema haiumi, atakuwa amewadanganya kuhusu jambo wanalolijua, na hawatamwamini kwa mengine. Ningependa pia awaambie kwamba sindano haichomwi kama adhabu. Watoto wetu wengi wametishiwa nyumbani, "Ukileta ukaidi nitakupeleka ukachomwe sindano," na wanakuja zahanati wakidhani wamekosa. Mtu wa kuliondoa hilo vizuri zaidi ni muuguzi mwenyewe, akiwa amesimama mbele yao bila sindano mkononi.

Halafu litakuja lile gumu, na huwa linatoka kwa mtoto mpole wa pembeni: "Watu wanakufa hospitalini?"

Usimwache mgeni alikute swali hili ghafla. Muulize siku moja kabla atalijibuje. Jibu linalofaa ni fupi na halina picha ya kutisha: "Wagonjwa wengi wanapona. Wapo wachache wanaoumwa sana, tunawahudumia kwa nguvu zetu zote, na wanafariki. Tunawaita ndugu zao na tunamhudumia aliyefariki kwa heshima." Asiseme mtu huyo "amelala" au "amesafiri". Mtoto huyachukua maneno jinsi yalivyo, na yupo atakayeogopa kulala usiku au atakayelia baba akipanda basi. Asimulie kwa jumla, bila jina la mgonjwa wala kisa cha mtaa huo huo, maana bibi wa mmoja wao huenda ndiye anayesimuliwa. Na wewe mwalimu unajua nani kafiwa karibuni. Mwambie mgeni mapema, na ukae karibu na dawati la mtoto huyo.

Kipimo hiki kinafaa kwa kazi nyingine zenye makali. Kwanza jibu lililoulizwa, kwa sentensi mbili au tatu, kisha nyamaza. Mtoto akitaka zaidi atauliza. Askari polisi aseme anavyoongoza magari na anavyomsaidia mtoto aliyepotea, silaha ibaki kituoni, na pingu asimfunge mtoto yeyote hata kwa mzaha. Dereva wa bodaboda azime pikipiki na kuiacha nje mbali na watoto, kwa sababu ekzosi hubaki ya moto na huunguza mguu. Alete kofia ngumu na fulana ya kuakisi mwanga. Watoto wataelewa fulana ile ukifunga madirisha kidogo na kuimulika kwa tochi.

Dhana: Mzazi awatie watoto moyo kwa kuwaambia, "Msiposoma mtakuwa kama mimi."

Inasemwa kwa nia njema, tena mara nyingi na watu wanaofanya kazi ngumu sana. Lakini mbele ya msemaji ameketi mtoto wake, aliyekuwa anajivuna tangu asubuhi kwamba leo baba anakuja shuleni. Pembeni yake wapo watoto wengine ambao baba zao wanasukuma mkokoteni, wanauza maji, wanapasua kokoto. Sentensi hiyo moja inawaambia wote kwamba nyumbani kwao pana kitu cha kuonea haya. Ninaipinga kwa moyo wote, na ninamweleza kila mgeni kabla hajaingia. Kama anataka kuihusisha shule, aonyeshe mahali anapotumia alichosoma: mama lishe anavyopiga hesabu ya mchele kwa sahani 40, fundi ujenzi anavyosoma ramani. Kipato pia kiachwe. Wakiuliza "Unalipwa shilingi ngapi?", na wataliuliza, inatosha kusema, "Napata pesa za kununua chakula na madaftari."

Dhana: Ukiandika "mzazi", kila mtoto amehusishwa.

Yupo anayelelewa na bibi, yupo ambaye mama yuko mbali kikazi, yupo aliyefiwa, na yupo ambaye baba amepoteza kazi mwezi huu. Ndiyo maana barua inataja mlezi na ndugu, na inataja kazi ya nyumbani. Usiwaulize watoto hadharani nani wazazi wake watakuja. Majibu yarudi kwenye karatasi, uyasome mwenyewe. Bibi anayesuka ukili, akiwapa watoto vipande vitatu vitatu wasuke, anaweza kuwashika darasa zima kuliko mgeni yeyote mwenye koti.

Dhana: Picha za siku hiyo ni za kumbukumbu tu, hazina shida.

Picha inayomtambulisha mtoto ni taarifa binafsi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mgeni aombwe asipige picha watoto kwa simu yake wala kuzituma kwenye kundi la wazazi. Shule ikihitaji picha, ipate kwanza idhini ya wazazi kwa maandishi, au ipige mikono na vifaa bila nyuso. Kumbukumbu nyingine haina idhini ya kusubiri: siku inayofuata kila mtoto achore kifaa kimoja alichokiona na kuandika sentensi mbili juu yake, na michoro ipelekwe kwa mgeni na mtoto wake.