Fungu la buku: safari ya nyanya hadi kwenye mfumuko wa bei

Kila mwezi Ofisi ya Taifa ya Takwimu ikitangaza mfumuko wa bei, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja: "Asilimia tatu ya wapi? Njoo Tandale uone." Nimefanya kazi ya takwimu za bei kwa miaka mingi na lawama hiyo nimeizoea. Badala ya kujibu kwa maneno ya jumla, leo nitafuata kitu kimoja tu, nyanya, kutoka kwenye meza ya sokoni mpaka kwenye ile tarakimu inayosomwa redioni. Mtu akiielewa nyanya, sehemu kubwa ya fahirisi ya bei za mlaji atakuwa ameielewa.

Kwanza kapu ambalo bei zake ndizo hujenga fahirisi hiyo. Ni orodha ya vitu ambavyo kaya za Tanzania Bara hununua. Kapu linalotumika sasa lina bidhaa na huduma 383, na mwaka wake wa kizio ni 2020, yaani wastani wa bei za mwaka huo umepewa thamani ya 100. Humo kuna unga wa sembe, nauli ya daladala, kodi ya nyumba, sabuni, mafuta ya taa, kunyoa nywele. Mdadisi, yaani mkusanyaji wa bei, hurudi kwa wauzaji walewale, kwa vitu vilevile, mwezi baada ya mwezi. Hapo kwenye "vilevile" ndipo kazi ilipo.

Sukari haisumbui: kilo ya mwezi uliopita ni kilo ya mwezi huu. Nyanya za Tandale au Buguruni haziuzwi hivyo. Zinauzwa kwa fungu, na muuzaji wa rejareja hapendi kubadilisha bei ya fungu, kwa sababu mteja anakuja na noti ya elfu moja mkononi. Fungu la buku litabaki la buku. Kinachobadilika ni idadi ya nyanya na ukubwa wake. Mvua zikiharibu mashamba, au tenga likipanda bei kwa wauzaji wa jumla, mama wa sokoni hatatamka bei mpya. Atapanga nyanya tano palipokuwa na saba, akiweka kubwa mbele na ndogo nyuma.

Mdadisi akiuliza tu na kuandika, daftari litasema 1,000 mwezi huu, 1,000 mwezi ujao, 1,000 mwezi wa tatu, na nyanya zitaonekana hazijapanda hata senti. Kwa hiyo fungu ni lazima lipimwe. Mdadisi anabeba mizani ndogo, na mazungumzo yake na muuzaji huwa hivi:

"Shikamoo mama. Fungu bei gani?"

"Marahaba mwanangu. Buku tu."

"Naomba nipime uzito."

"Nunua kwanza ndio upime. Unataka kunichagulia nyanya zangu kwa mizani?"

Ana haki. Nyanya zinazoshikwashikwa zinalainika, na wateja wakiona mizani wanaanza kudai nyongeza. Mdadisi mzuri hununua. Tena hapimi fungu moja tu, maana mafungu ya meza moja hayalingani. Huchukua zaidi ya moja na kutafuta wastani.

Tuseme mwezi uliopita fungu la buku lilikuwa na wastani wa gramu 800. Kilo moja basi ilikuwa shilingi 1,250. Mwezi huu fungu ni lilelile la buku, lakini mizani inasoma gramu 640. Gawanya 1,000 kwa 0.64, unapata shilingi 1,562.50 kwa kilo. Bei imepanda asilimia 25 na hakuna aliyetamka bei mpya sokoni. (Hizi tarakimu za nyanya ni za mfano wangu, msizinukuu kama takwimu rasmi.)

Msimamizi anajuaje kwamba mdadisi hakupima? Haangalii bei kubwa au ndogo, anaangalia bei iliyotulia. Mboga mbichi isiyotikisika kwa miezi mitano, wakati masoko jirani yanapanda na kushuka, ni dalili kwamba mtu amenakili mstari wa mwezi uliopita. Dalili nyingine ni uzito unaoishia kwenye sifuri kila mara: gramu 700, 800, 700. Mizani halisi husoma 683 au 741. Ukiona namba zimenyooka hivyo, mtume mtu arudi sokoni.

Mkate una tatizo hilohilo, sema wenyewe umefichwa kwenye pakiti. Mkate ukipunguzwa uzito na bei ikabaki palepale, kwenye fahirisi huo ni upandaji wa bei.

Turudi kwenye nyanya. Muuzaji mmoja hatoshi, kwa hiyo tuna watatu. Wa kwanza bei yake kwa kilo imepanda asilimia 25, wa pili asilimia 10, wa tatu haijabadilika. Wengi watajumlisha na kugawa kwa tatu. Sisi hatufanyi hivyo. Tunachukua uwiano wa bei mpya kwa ya zamani wa kila muuzaji, tunazidisha zote tatu, kisha tunatafuta kipeuo cha tatu:

```
(1.25 × 1.10 × 1.00)^(1/3) = 1.112
```

Nyanya zimepanda asilimia 11.2. Njia hii ilitumiwa na Mwingereza William Stanley Jevons katika karne ya 19, na jina lake limeganda nayo. Kwa nini tujisumbue hivyo? Chukua meza mbili, zote zinauza kilo kwa 1,000. Mwezi wa pili meza moja inapanda mpaka 2,000, nyingine inabaki palepale. Wastani wa kawaida wa uwiano ni 1.5. Mwezi wa tatu ile iliyopanda inarudi 1,000. Uwiano sasa ni 0.5 na 1, wastani wake 0.75. Zidisha 1.5 kwa 0.75, unapata 1.125. Bei zote zimerudi zilipoanzia, lakini hesabu yako inadai maisha yamepanda kwa asilimia 12.5! Ukirudia mchezo huo kwa mwaka mzima kwenye mboga zinazoyumba kila mwezi, utatangaza janga ambalo halipo. Kwa njia ya Jevons, kupanda na kurudi kunakupa 1 kamili.

Sasa tuna nyanya zilizopanda asilimia 11.2, na pia tuna nauli, kodi, dawa na vocha. Kila kimoja kinapewa uzito kulingana na fedha ambazo kaya hutumia kukinunua. Uzito wa kapu la sasa ulitokana na Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa mwaka 2017/18, ambapo kaya ziliandika walichonunua. Kama nyanya zingekuwa zinachukua shilingi moja katika kila mia, upandaji wao ungesukuma fahirisi nzima kwa asilimia 0.112 tu. Ndiyo maana nyanya zinaweza kuwa gumzo la mtaa mzima na bado tarakimu ya taifa isijongee sana.

Mfumo huu wa kushikilia uzito wa zamani na kubadilisha bei tu unatokana na Mjerumani Étienne Laspeyres, aliyeuandika mwaka 1871. Udhaifu wake ni kwamba unamchukulia mnunuzi kama mtu asiyejali bei. Nyanya zikipaa, mama wa nyumbani anaweka mbili badala ya nne na kuongeza nyanya ya pakiti, lakini kapu linaendelea kununua nne. Kwa hiyo kadiri uzito unavyozeeka, hesabu huelekea kukuza kidogo gharama halisi, na kapu lazima lifumwe upya kila baada ya miaka kadhaa.

Hapa ndipo ninapofika kwa wanaonitumia ujumbe. Kwenye kapu la mwaka wa kizio 2015, vyakula na vinywaji visivyo na kilevi vilibeba asilimia 38.5. Kwenye kapu la 2020 vinabeba 28.2. Mtu wa Manzese akisikia hivyo anacheka, na simlaumu. Sehemu ya maelezo ni kwamba wali maharage unaokula kwa mama lishe hauhesabiwi kwenye chakula, unaingia kwenye kundi la migahawa na malazi. Lakini sababu nzito zaidi ni jinsi uzito unavyopatikana. Tunajumlisha fedha zote za kaya zote, kisha tunaangalia zimekwenda wapi. Kaya inayotumia milioni tatu kwa mwezi ina sauti mara kumi ya kaya inayotumia laki tatu. Hakuna aliyeonewa kwa makusudi, fomula imehesabu shilingi, haikuhesabu watu. Na kwa kuwa mwenye nacho hutumia sehemu ndogo ya fedha zake kwenye chakula, kapu la taifa linaegemea upande wake.

Tupime tofauti. Tuseme mwaka huu chakula kimepanda asilimia 8 na vitu vingine vyote asilimia 1. Kwa kapu la taifa:

```
0.282 × 8 + 0.718 × 1 = 2.97
```

Karibu asilimia 3, habari njema kwenye taarifa. Sasa mchukue dada mwenye watoto watatu, ambaye katika kila mia anatumia 55 kwenye chakula:

```
0.55 × 8 + 0.45 × 1 = 4.85
```

Bei ni zilezile, masoko ni yaleyale, lakini yeye amepandiwa na karibu asilimia 5. Hajadanganya na ofisi haijadanganya. Kinachonikera mimi ni watangazaji wanaosoma tarakimu moja kana kwamba ndiyo mfuko wa kila mtu, tena mwezi ambao imeshuka wanasema "bei zimeshuka". Mfumuko ukitoka asilimia 4 kwenda 3, bei bado zinapanda, mwendo tu umepungua. Bei zenyewe zikishuka, tarakimu hiyo huwa chini ya sifuri.

Ukitaka mfumuko wako mwenyewe, hauhitaji kompyuta. Taarifa ya kila mwezi ina jedwali la makundi ya bidhaa na huduma, na kila kundi lina mabadiliko yake kulinganisha na mwezi kama huo wa mwaka uliopita. Andika matumizi yako ya mwezi, yapange kwa makundi hayohayo, tafuta kila kundi linachukua ngapi katika mia, kisha zidisha na ujumlishe kama nilivyofanya hapo juu. Angalia tu kitu kimoja: kodi ya nyumba uliyolipa ya miezi sita kwa mkupuo na ada ya Januari usiziweke zote kwenye mwezi mmoja. Gawanya kodi kwa sita na ada ya mwaka kwa kumi na mbili, la sivyo chakula kitaonekana kidogo kuliko kilivyo na hesabu itakupa mfuko wa mtu mwingine.