Kufuli jipya mlangoni

"Nimepanga Uyole, nadaiwa kodi ya mwezi mmoja. Jana nimekuta kufuli jipya. Si ni haki ya mwenye nyumba, nyumba ni yake?"

Hapana, ndugu yangu. Imani hiyo ni ya siku nyingi hapa Mbeya, lakini deni peke yake halifuti upangaji. Kwa anayelipa kila mwezi bila muda maalumu wa mkataba, Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka notisi isiyopungua mwezi mmoja.

Usivunje kufuli, unaweza kushtakiwa kwa uharibifu. Piga picha mlango, kusanya risiti za kodi, mwite mwenyekiti wa mtaa aje aone na aandike. Usuluhishi ukishindikana, fungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, uombe amri ya kufunguliwa. Deni bado ni lako, naye ana haki ya kulidai hapohapo barazani.