Nusu ya ngao haikuwa yako

Mwaka 479 KK, kwenye uwanda wa Plataia huko Ugiriki, askari mmoja wa mji wa Sparta aitwaye Aristodemo alitoka kwenye safu na kuwavamia Waajemi. Alifanya makubwa, kisha akauawa. Herodoto, aliyetuandikia habari za vita hivyo, anasema kwa maoni yake hakuna aliyepigana kishujaa zaidi siku ile. Lakini Wasparta wenyewe, walipokaa kujadili nani apewe heshima, walimnyima. Mwaka mmoja kabla Aristodemo alirudi hai kutoka vita vya Thermopilai, ambako karibu wenzake wote waliuawa na Waajemi, akabandikwa jina la mwoga, na wenzake waliona kwamba alichokuwa akitafuta Plataia ni kifo. Alikuwa ameacha nafasi yake, nao hawakutaka kumheshimu mtu aliyefanya hivyo.

Kila ninapofundisha kisa hiki, darasa zima huwa upande wa Aristodemo. Huwa sibishani nao. Nina ngao ya mbao niliyochongesha kwa fundi seremala kwa vipimo vya Kigiriki, naitoa na kuwaachia waishike mmoja mmoja. Ukiishika ngao ile, uamuzi wa Wasparta unaanza kueleweka.

Ni duara lenye upana wa sentimita 90 hivi, limebonyea ndani kama bakuli kubwa, na uzito wake ni kama kilo 7. Katikati, upande wa ndani, kuna pete pana ya shaba. Unapitisha mkono wa kushoto humo hadi karibu na kiwiko, halafu kiganja kinashika kamba iliyo pembeni kabisa mwa ngao. Kwa hiyo kiwiko chako ndicho kitovu cha ngao. Ukiukunja mkono mbele ya kifua, nusu ya kulia ya duara inakufunika wewe, na sehemu kubwa ya nusu ya kushoto inabaki nje ya mwili wako, ikifunika hewa.

Kwa mtu anayepigana peke yake, huo ni mzigo. Ngao inayoshikwa kwa kiganja tu katikati unaweza kuinyoosha mbele, kuizungusha, kuirudisha haraka. Hii haitaki. Isitoshe, mkono wa kulia umeinua mkuki wenye urefu wa zaidi ya mita 2, na kwapa pamoja na ubavu wote wa kulia viko wazi. Mruhusu adui mmoja tu akuzunguke upande huo na umekwisha.

Sasa simamisha mwenzako kulia kwako, bega karibu na bega. Ile nusu ya ngao yake iliyokuwa ikifunika hewa imefunika ubavu wako wa kulia. Yako nayo imemfunika aliye kushoto kwako. Mkiwa watu mia mmepata ukuta. Mwandishi wa Kigiriki Plutarko anasimulia kwamba mfalme Demarato wa Sparta aliulizwa kwa nini Sparta ilimwaibisha aliyetupa ngao lakini haikumwaibisha aliyetupa kofia ya chuma au dirii. Alijibu kwamba hivyo viwili mtu huvivaa kwa ajili yake mwenyewe, lakini ngao huibeba kwa ajili ya mstari mzima.

Mpangilio huu ulikuwa na ugonjwa wake, na aliyeueleza vizuri kuliko wote ni mwanahistoria Thukidide, katika habari za vita vya Mantinea vya mwaka 418 KK, ambako Wasparta walipigana na watu wa miji ya Argos na Mantinea na washirika wao. Anasema majeshi yote yakianza kusonga mbele husogea pia kulia. Kila mtu anauogopea ubavu wake ulio wazi, basi anajibana kwenye ngao ya aliye kulia kwake. Anayeanzisha ni yule wa mwisho kabisa upande wa kulia, asiye na wa kumfunika. Yeye huendelea kukwepa, na wote wanamfuata. Matokeo yake, kila jeshi hupitiliza bawa la kushoto la mwenzake.

Ndivyo ilivyokuwa Mantinea. Wasparta chini ya mfalme Agis walisimama, kwa wastani, watu 8 kwenda nyuma. Waargos na washirika wao walikuja kwa kasi na hasira. Wasparta walikuja taratibu, wakifuata wapiga zumari waliopangwa katikati yao. Thukidide anasisitiza kwamba zumari hizo hazikuwa ibada. Zilikuwa za kuwawezesha kulinganisha hatua, ili mstari usikatike, jambo linaloyapata majeshi makubwa yanapokaribia kugongana. Mtu akitangulia hatua mbili tu, ngao yake imetoka ubavuni mwa jirani.

Agis akaona Wamantinea wanalipita bawa lake la kushoto. Akaamuru kikosi cha mwisho upande huo kisogee nje zaidi ili kulingana nao, na maofisa wawili, Hiponoida na Aristokle, wachukue vikosi vyao kutoka kulia wazibe mwanya utakaobaki. Amri ilitoka wakati watu tayari wanatembea kuelekea kwa adui. Wa kushoto walisogea. Wale maofisa wawili walikataa. Agis akajaribu kuwarudisha wa kushoto, akachelewa. Wamantinea na Waargos 1,000 wateule wakamiminika kupitia mwanya, wakawazunguka waliokuwa pale, wakawasukuma hadi kwenye mikokoteni ya mizigo.

Waliovunjwa pale hawakuwa wapiganaji dhaifu. Waskiritai, waliokuwa mwisho kabisa wa bawa lile, walikuwa na haki ya kusimama hapo siku zote. Kilichowaangusha ni kwamba hapakuwa tena na mtu wa kuwafunika upande wa kulia, na ustadi wa mkuki hauwezi kuzuia mikuki inayotoka pande tatu.

Katikati hali ilikuwa kinyume kabisa. Mstari wa Agis ulifika ukiwa mzima, na Waargos wengi hawakungoja hata mikuki ikutane. Waligeuka, na wengine walikanyagwa na wenzao katika kukimbia. Wataalamu wanabishana kama mahopliti, yaani askari hawa wa ngao na mkuki, walisukumana kwa ngao kama wachezaji wa raga waliofungana. Mimi naamini msukumano ulikuwepo, lakini kwa vipindi vifupi, na kwamba mara nyingi jambo liliamuliwa mapema, pale mtu aliye mbele alipoanza kushuku kama jirani yake atabaki. Mistari ya nyuma ilifanya kazi kubwa hapo, ingawa mikuki yake haikumfikia adui. Mwandishi Ksenofonti anamnukuu mwanafalsafa Sokrate akishauri wapiganaji bora wawekwe mbele na nyuma, na walio hafifu katikati, ili waongozwe na wa mbele na kusukumwa na wa nyuma. Ushauri huo unakiri kwamba jeshi lina watu hafifu, na kwamba ukiwapanga vizuri wanatosha.

Thukidide anaandika wazi kwamba siku ile, kwa ufundi wa kivita, Wasparta walizidiwa. Waliwezaje kushinda? Sehemu yao kubwa ilibaki kitu kimoja. Agis alipoona kushoto kumeharibika aliweza kuligeuza jeshi lake lote likaelekea huko, na wale Wamantinea waliokuwa wakishinda, kuona tu mstari mzima unawajia, wakakimbia. Waargos na washirika wao walipoteza takriban watu 1,100, na Wasparta, kwa ilivyosemwa, kama 300.

Hiponoida na Aristokle walirudi nyumbani na jeshi lililoshinda. Vikosi vyao havikuwa vimekimbia, na kwa kubaki mahali pao huenda waliuepusha mstari wa kulia usikatike. Lakini kukataa kwao ndiko kulikouacha wazi ule mwanya. Walishtakiwa kwa uoga, wakafukuzwa Sparta.